Dashibodi inajisasisha yenyewe, sasa mimi "mmiliki" wake namiliki nini?

binti_mitungi (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba kueleweshwa taratibu, mambo ya otomesheni ni mageni kwangu.

Nimeajiriwa kwenye ofisi moja inayosambaza mitungi ya gesi hapa Dar. Tuna vituo Mbagala, Buguruni, Tegeta, Gongo la Mboto na Kimara, na juzi juzi tumefungua kingine Kibada, kule Kigamboni. Kila jioni msimamizi wa kituo anajaza fomu ya Google kwa simu: tarehe ya mauzo, jina la kituo, idadi ya mitungi. Majibu yanaingia kwenye Google Sheets, ukurasa unaitwa Mauzo. Ukurasa wa pili, Muhtasari, unajumlisha mauzo ya jana kwa kila kituo. Kisha Looker Studio inachora, na bosi anaangalia kwenye tv iliyoko ofisini kwake. Hakuna mtu anayegusa chochote. Aliyeitengeneza ni kijana aliyekuja kufanya fildi, ameshamaliza na kuondoka.

Jana bosi kaniambia, "Kuanzia leo wewe ndiye mmiliki wa dashibodi." Nikaitikia. Sasa nimekaa najiuliza: kitu kinachojisasisha chenyewe kila robo saa, mmiliki anafanya nini? Nakaa naitazama tu?

Hii ndiyo fomula iliyopo mbele ya kila kituo, F1 ina tarehe ya jana:

```
=SUMIFS(Mauzo!D:D,Mauzo!C:C,A2,Mauzo!B:B,$F$1)
```

Na hizi ndizo namba za jana: Mbagala 64, Buguruni 41, Tegeta 38, Gongo la Mboto 52, Kimara 45. Jumla 240. Mimi naona iko sawa kabisa.

mkaa_pembeni

Uzi bila picha haunogi. Ila nimeweka kambi.

kodi_tegeta

Dada, kwa kifupi huna kazi hapo, mwambie bosi akupe nyingine. Maana ya otomesheni ni kumtoa mtu kwenye mnyororo. Majibu yanaingia, fomula inahesabu, Looker Studio inachukua data ya Sheets kila dakika 15, ndivyo inavyokuja ikiwa hujaibadilisha. Ikiharibika itatoa kosa na utaliona. Isipotoa kosa, acha ifanye kazi.

mzee_wa_hesabu

Mleta uzi, umetaja vituo sita. Kwenye namba zako kuna vitano. Kibada wamefunga?

binti_mitungi

Eh! Hapana, wako wazi. Ngoja niangalie.

Nimerudi. Kwenye ukurasa wa Mauzo wapo, jana wameandika 27. Na wamekuwa wakijaza tangu wafungue. Ila kwenye Muhtasari hawamo kabisa, na hakuna sehemu yoyote iliyoandika kosa. Sasa imekuwaje, si fomu ni ile ile?

mzee_wa_hesabu

Fomu ni ile ile, ndiyo. Tazama fomula yako tena. Inasema: nenda kolamu ya vituo, tafuta mistari yenye jina lililo A2, jumlisha mitungi yao. A2 ni Mbagala, A3 Buguruni, mpaka A6 Kimara. Majina hayo yaliandikwa kwa mkono na yule kijana siku alipotengeneza, na siku ile vituo vilikuwa vitano. Kibada hana mstari wa kumuuliza, kwa hiyo hakuna anayemuuliza. Kila robo saa kompyuta inajibu kwa uaminifu swali la wakati ule, na jibu lake ni sahihi kwa swali hilo. Ndiyo maana hakuna kosa.

Kodi hapo juu anasema ikiharibika utaliona. Kuna uharibifu wa aina mbili. Ule unaoandika `#REF!` kwenye tv ya bosi ni wa kheri, maana kabla ya saa nne simu zimeshapigwa. Mbaya ni huu wa kwako: namba imekaa vizuri, rangi nzuri, saa ya kusasishwa ni ya dakika chache zilizopita, na mitungi 27 haimo. Namba 240 haina sura ya uongo. Bosi akipanga gari la kesho kwa 240 wakati uliouzwa ni 267, kuna kituo kitakosa mzigo, na lawama ataipata dereva.

Fanya hivi leo. Chini ya jumla yako, kwenye seli yoyote iliyo wazi, weka hii:

```
=SUMIFS(Mauzo!D:D,Mauzo!B:B,$F$1)-SUM(B2:B6)
```

Sehemu ya kwanza inajumlisha mitungi yote ya jana bila kujali kituo. Ya pili ni jumla inayoonekana kwa bosi. Tofauti inapaswa kuwa 0. Niambie unaona ngapi.

binti_mitungi

27.

Dah. Kumbe ni rahisi hivi.

kodi_tegeta

Sawa mzee, hiyo nakubali, lakini hilo ni kosa la aliyeijenga. Si sababu ya kumweka mtu. Majina hayakupaswa kuandikwa kwa mkono. Weka hii, orodha itajijenga yenyewe, kituo kipya kikiingia kinatokea:

```
=QUERY(Mauzo!A:D,"select C, sum(D) where C is not null group by C",1)
```

(Ya tarehe utaongeza mwenyewe.) Na kwenye fomu, badala ya kumwachia mtu aandike jina la kituo, mpe orodha achague. Umemaliza. Hakuna haja ya mlinzi.

binti_mitungi

Nimeijaribu kwenye ukurasa wa pembeni. Kibada imetokea! Ila sasa nina vituo vinane. Kuna "Tegeta", kuna "TEGETA", halafu kuna "Mbagala" mbili zinazofanana kabisa.

mzee_wa_hesabu

Mbagala ya pili ina nafasi tupu mwishoni, simu huiweka yenyewe mtu anapochagua neno linalopendekezwa. QUERY inatofautisha herufi kubwa na ndogo, na nafasi pia. SUMIFS haijali herufi kubwa, hivyo TEGETA ilikuwa inahesabiwa, ila "Mbagala " yenye nafasi ilikuwa inaachwa. Kwa tarehe zake zilipotokea, ulikuwa unapoteza Mbagala pia.

Kodi yuko sahihi kwamba QUERY ni bora kuliko majina ya mkono. Lakini angalia kilichotokea: tumebadili kosa moja tukapata jingine la sura tofauti. Na nani sasa anaamua kwamba TEGETA na Tegeta ni kitu kimoja? Hapo ni rahisi. Je, wakiandika "Kigamboni"? Ni Kibada, au ni lile gari linalouza mtaani Kigamboni na kuripoti Mbagala? Hilo halimo kwenye faili, liko kichwani kwa watu wa ofisini kwenu.

dada_stoo

Naomba niongee kama mtu anayejaza hizo fomu, maana naona mnatuongelea tu.

Nilikuwa kampuni nyingine, si ya gesi, na huko walituwekea orodha ya kuchagua kama anavyosema kaka Kodi. Tukafungua tawi jipya, jina letu halimo kwenye orodha. Ukipiga simu ofisini unaambiwa "aliyetengeneza hayupo." Fomu haikubali kutumwa bila kuchagua tawi, na msimamizi anataka ripoti kabla hujaondoka. Tukawa tunachagua tawi la jirani, na siku nyingine mwenzangu wa zamu anachagua lile la juu kabisa kwenye orodha kwa sababu ndilo la karibu na kidole. Miezi kadhaa. Tawi la jirani likapewa pongezi ya mauzo. Sisi tukaulizwa tunafanya nini kutwa nzima.

mzee_wa_hesabu

Dada umesema jambo zito kuliko yote kwenye uzi huu.

Mleta uzi, chukua kalamu. Katika hali ya dada_stoo, ile tofauti niliyokupa ingesoma 0. Kila mtungi umehesabiwa, kila jina liko kwenye orodha, jumla ya kampuni ni sahihi. Kilichokosewa ni nani kauza, na hakuna fomula inayoweza kulijua kwa kutazama faili hilo hilo. Orodha ya kuchagua ni nzuri, iweke, lakini inaligeuza kosa linaloonekana, yaani jina geni, kuwa kosa lisiloonekana, siku orodha inapobaki nyuma ya hali halisi. Kwa hiyo ukiiweka, umejipa kazi: siku mkataba wa pango la kituo kipya unaposainiwa, jina linaingia kwenye fomu kabla mtungi wa kwanza haujashushwa.

wakili_wa_mtaa

Nadhani mnamchanganya binti. Kauliza anamiliki nini. Jibu la kisheria: anamiliki faili? Kama faili liko kwenye akaunti ya yule kijana wa fildi, binti hamiliki chochote, hata bosi hamiliki. Yule kijana akilifuta leo mmekwisha. Kwanza lihamishiwe kwenye akaunti ya kampuni, mengine baadaye.

mzee_wa_hesabu

Wakili, swali lake halikuwa hilo, yeye anauliza kazi. Ila umegusa penyewe. Binti, fungua faili, bonyeza `Share`, angalia nani ameandikwa `Owner`.

binti_mitungi

Imeandikwa barua pepe ya Gmail ya yule kijana. Na kwenye Extensions, Apps Script kuna kitu kinaitwa `tumaRipoti`. Nadhani ndicho kinachomtumia bosi muhtasari kwa barua pepe kila saa 12 asubuhi.

mzee_wa_hesabu

Basi sikiliza. Kuhamisha faili peke yake hakutoshi. Ile ratiba ya saa 12, iliyo sehemu ya `Triggers`, inaendeshwa kwa akaunti ya aliyeiweka, si ya mwenye faili. Ukihamishiwa faili, ratiba haihami nawe. Akaunti yake ikifungwa, au akiondoa ruhusa aliyoipa hiyo programu, barua zinakoma. Na barua ya kusema "imeshindwa" inakwenda kwake yeye, aliyeko huko Mbeya sijui Moshi akitafuta kazi. Kwa nini aisome? Mwombeni kwa heshima ahamishe faili, kisha wewe uweke ratiba upya kwa akaunti ya ofisi, naye afute ya kwake, la sivyo bosi atapata barua mbili. Chanzo cha data ndani ya Looker Studio nacho kinasoma kwa ruhusa ya mtu fulani. Kiangalie.

sheli_usiku

Mimi niko sheli moja barabara ya Mandela, tunauza mafuta saa 24. Sisi tuna Power BI. Nina kesi mbili, naomba mnisaidie na mimi.

Ya kwanza: nikiwa zamu ya usiku, kuanzia saa 6 usiku kadi ya "Mauzo ya leo" inaendelea kuonyesha ya jana. Ikifika saa 9 alfajiri inajirekebisha yenyewe. Meneja anasema tunachelewa kuingiza.

Ya pili: mwezi uliopita kurasa zilikuwa na namba za wiki nzima nyuma, na hakuna aliyegundua mpaka mhasibu alipofunga hesabu.

mzee_wa_hesabu

Ya kwanza si ninyi. Ripoti ikishapandishwa mtandaoni, `TODAY()` ya Power BI inahesabu kwa UTC, na sisi tuko saa tatu mbele. Kwenu ikiwa saa 8 usiku, kwake ni saa 5 usiku ya jana. Kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza ilikuwa sawa kwa sababu pale inatumia saa ya kompyuta. Aliyeijenga alikuwa anaitazama mchana tu. Waambie waongeze saa tatu:

```
Leo = INT(UTCNOW() + TIME(3,0,0))
```

Ya pili: ratiba ya kusasisha ikishindwa mara nne mfululizo, Power BI inaizima yenyewe. Mara nyingi ni nywila ya hifadhidata iliyobadilishwa, au kompyuta yenye `gateway` imezimwa. Taarifa inatumwa kwa mwenye ripoti tu, labda kama waliongeza watu wengine. Ukurasa wenyewe unabaki na namba zake za mwisho, haufutiki. Kwa nini usigundulike? Kwa sababu mauzo ya wiki iliyopita yanafanana na ya wiki hii.

sheli_usiku

Ya saa tatu nitampelekea meneja hii. Asante mzee. Ila `gateway` ndiyo nini? Kuna kompyuta chini ya meza ya keshia ambayo huwa tunaizima ili tuchaji simu.

mkaa_pembeni

😂😂😂 Jibu umeshajipa.

kodi_tegeta

Haya, nirudi. Mzee, bado naona haya yote yanaweza kuwekewa ukaguzi wa mashine. Tofauti isiwe 0, tuma barua. Orodha ya majina ikizidi sita, tuma barua. Data ikiwa na zaidi ya siku moja, tuma barua. Mashine inamlinda mashine mwenzake. Mtu wa nini?

mzee_wa_hesabu

Barua itumwe kwa nani, kijana?

Sikatai ukaguzi wa mashine, nimeanza kwa kumpa mmoja. Lakini ngoja nikuonyeshe unapoishia. Mleta uzi, Tegeta jana 38. Mpigie msimamizi muulize: asubuhi mlianza na mitungi mingapi iliyojaa, mlipokea mingapi, jioni imebaki mingapi.

binti_mitungi

Nimempigia. Walianza na 120, wakapokea 80 mchana, jioni ilibaki 153.

mzee_wa_hesabu

120 na 80 ni 200. Toa 153, waliuza 47. Dashibodi inasema 38. Imepungua 9, na tofauti yako, ukimweka Kibada kando, inasoma 0. Nenda kolamu D, mistari ya Tegeta ya jana. Tafuta kitu ambacho si namba.

binti_mitungi

Ipo! Walituma mara mbili. Moja 38, nyingine imeandikwa "9 mitungi".

dada_stoo

Hiyo ya pili najua ilivyokuja. Umeshatuma ripoti, unafunga, anatokea mteja wa jumla na bajaji. Unauza, unatuma nyongeza haraka haraka umesimama. Unaandika kama unavyoongea.

mzee_wa_hesabu

Ndiyo. Kwa Google Sheets "9 mitungi" ni maandishi, na jumla huyaruka maandishi bila kusema neno. SUMIFS ya Muhtasari imeyaruka, na ya ukaguzi imeyaruka pia, kwa hiyo zote mbili zinakubaliana juu ya kosa lile lile. QUERY ya Kodi nayo ingeyaruka: kolamu ikichanganya namba na maandishi, inafuata aina iliyo nyingi na kuiona nyingine kama tupu. Mkaguzi wa mashine anayemtaka Kodi alikuwa anasoma daftari lile lile lenye ukurasa uliokosewa.

Tunaongeza ukaguzi wa pili, wa kuhesabu seli zilizojazwa ambazo si namba:

```
=COUNTA(Mauzo!D2:D)-COUNT(Mauzo!D2:D)
```

Nayo iwe 0. Na kwenye fomu, swali la idadi liwekee `Response validation` likubali namba tu. Hilo halina madhara niliyoyasema kwenye orodha ya vituo.

Lakini hebu tazama tulivyolipata. Tumelipata kwa mitungi iliyo sakafuni Tegeta, kitu kilicho nje ya faili, na kwa simu. Mara moja kwa wiki chagua kituo kimoja, kibadilishe kila wiki, ulinganishe mitungi iliyopo na kilichoandikwa. Hapo ndipo ungemkamata pia Kibada kama angejiandika Mbagala, kwa sababu Mbagala ingeonekana imeuza zaidi ya mzigo wake. Sijui fomula inayoweza kupiga simu Tegeta.

kodi_tegeta

Kuna kaunta za kidijitali za stoo, zinaweza kuunganishwa. Ila sawa, kwa ofisi ya vituo sita nimekubali nusu. Bado nasema mtu huyo akiwa mzembe, ni sawa na kutokuwepo, na mashine haina uzembe.

binti_mitungi

Swali. Jumapili iliyopita Buguruni ilionyesha 0. Bosi hakusema kitu. Nitajuaje kama ni 0 ya kweli au hawakujaza?

mzee_wa_hesabu

Swali zuri, na Muhtasari hauwezi kukujibu, maana SUMIFS ikikosa mstari inatoa 0, na kituo kikiandika 0 inatoa 0. Weka kolamu ya tatu, tarehe ya mwisho kila kituo kilipojaza:

```
=MAXIFS(Mauzo!B:B,Mauzo!C:C,A2)
```

Usiichanganye na ile `Data Last Updated` iliyo chini ya Looker Studio. Ile inasema lini Looker Studio ilichota data, na inaweza kuchota data ya juzi dakika mbili zilizopita. Tv ya bosi inaonyesha ile tu, ndiyo maana kila kitu kinaonekana kibichi.

binti_mitungi

Nimeweka. Buguruni ipo mpaka jana, lakini Jumapili hakuna mstari, kwa hiyo hawakujaza. Ila nimeongeza Kibada chini yao, yenyewe inasema 30/12/1899 🤔 Gesi ilikuwepo?

mzee_wa_hesabu

😀 Haikuwepo. MAXIFS isipopata kitu inatoa 0, na kwa Google Sheets tarehe namba 0 ni 30/12/1899. Maana yake jina ulilolisaka halijalingana na lililoandikwa. Angalia nafasi tupu mwishoni.

binti_mitungi

Kweli, niliandika "Kibada" na wao kwenye fomu wanaandika "Kibada ". Kwa hiyo niwasahihishie kwenye Mauzo moja kwa moja?

mzee_wa_hesabu

Mimi ningesema usiguse Mauzo. Yale ni maneno ya kituo, yabaki yalivyo. Tengeneza ukurasa wa kati unaosafisha kwa `TRIM`, na mwingine wa Marekebisho: tarehe, kituo, namba ya zamani, namba mpya, nani kakwambia. Mtu akikuuliza mwezi ujao kwa nini Tegeta ni 47 na si 38, unafungua unamwonyesha.

dada_stoo

Mimi sikubaliani. Ukurasa wa Marekebisho unajazwa na ofisini, halafu siku ya kikao kituo kinaambiwa "ninyi mliandika vibaya mara tano." Aturudishie kituoni, tutume upya wenyewe. Namba iwe yetu.

kodi_tegeta

Wakituma upya bila ya zamani kufutwa, unahesabu mara mbili.

dada_stoo

Basi ifutwe ya zamani tukiwa tunajua. Ninachokataa ni kusahihishwa kimya kimya.

wakili_wa_mtaa

Na mimi niongeze: kama wasimamizi wanalipwa kamisheni kwa mitungi, basi huyo binti asiwe chini ya meneja mauzo. Meneja mauzo naye anapimwa kwa namba hizo hizo.

mzee_wa_hesabu

Hapo sina hakika wakili. Nimeona mhasibu akipewa dashibodi, akawa haujui mtaa hata mmoja, kituo kikifungwa kwa sababu Jangwani kumejaa maji yeye anaandika "kushuka kwa mauzo." Meneja mauzo anajua kila kitu lakini ana maslahi. Kwa ofisi ndogo mimi ningempa anayepokea simu za vituo. Wengine watanipinga.

binti_mitungi

Simu za vituo napokea mimi, ndiyo maana kanipa labda.

Nimeongea na bosi mchana huu. Kwanza alikasirika kuhusu Kibada, halafu akauliza kitu ambacho sikuwa na jibu. Dashibodi inaposema "mitungi iliyouzwa", anataka kujua kama mtu aliyenunua mtungi mpya wenye gesi na aliyeleta mtupu akabadilishiwa wote wanahesabiwa sawa. Nimewapigia vituo vyote. Mbagala na Kimara wanahesabu wote. Tegeta wanahesabu wanaobadilisha tu, mitungi mipya wanaiandika kwenye daftari lingine. Wengine hawajajibu. Kwa hiyo namba za miezi yote zilizopita sijui zilikuwa zinasema nini.

mzee_wa_hesabu

Za nyuma ziache, usizibuni. Andika chini ya chati kwamba kabla ya tarehe fulani vituo vilihesabu kwa namna tofauti. Kisha mwambie bosi achague maana moja, kwa maandishi, ndipo uwaambie vituo. Usichague wewe. Na fomu iwe na maswali mawili, ya kubadilisha na ya mtungi mpya. Angalizo: maswali mapya yataingia kolamu mpya mwishoni mwa Mauzo, na fomula zako zote bado zinasoma D. Ukilifuta swali la zamani, D itabaki na majibu yake ya zamani na Muhtasari wako utaonyesha 0 kwa kila kituo kuanzia siku hiyo.

binti_mitungi

Kwa hiyo kwanza fomula, ndipo fomu?

mzee_wa_hesabu

Kwanza bosi. Halafu nakala ya faili, ujaribie humo. Halafu fomula, ndipo fomu, na ubadilishe jioni wakishatuma, si mchana. Kesho yake asubuhi piga simu vituo viwili kabla bosi hajawasha tv.

dada_stoo

Na ututumie ujumbe siku moja kabla. Tafadhali. Tusikute maswali mapya saa 2 usiku na foleni ya wateja mlangoni.

sheli_usiku

Samahani kurudisha nyuma, ile kompyuta chini ya meza nimeiwasha na nimebandika karatasi "USIZIME". Ila inaomba nywila kwenye skrini na aliyekuwa nayo alihamishiwa Dodoma. Nimwone nani?